Barua ya wazi kwa wasimamizi wa vifaa vya tiba: unga ule wa kahawia hautoki sikioni

Waheshimiwa mnaotoa vibali vya vifaa vya tiba, mnaokagua saluni na vituo vya tiba mbadala, na mnaosimamia matangazo ya afya,

Nawaandikia kuhusu mshumaa wa sikio. Kwa ambaye hajauona, ni bomba la kitambaa kilichochovywa kwenye nta, refu kama sentimita 25, lenye uwazi katikati kutoka juu hadi chini. Mteja hulazwa ubavu, ncha nyembamba ya bomba huchomekwa kwenye tundu la sikio, na ncha ya juu huwashwa moto. Bomba huachwa liungue kwa dakika 10 hadi 15, likibaki kipande cha sentimita nane au kumi huzimwa, na mteja huambiwa kwamba joto limefyonza uchafu wote uliokuwa ndani. Mimi kazi yangu ni kutibu masikio. Watu wanaotoka kwenye huduma hiyo wakiwa na maumivu nawapokea mimi na wenzangu, na nimeona niwaeleze kwa utaratibu kile tunachokikuta ndani ya masikio yao, kwa sababu ninyi ndio mnaoweza kuzuia kisiendelee.

Nianze na mama mmoja. Sikio lake la kulia lilikuwa zito kwa wiki mbili, kama mtu aliyetoka kuogelea na maji yakabaki ndani. Hakuwa na maumivu wala usaha. Alikwenda saluni anakotengenezwa nywele, akaambiwa hapo hapo kuna huduma ya kusafisha masikio kwa mshumaa, haina maumivu, ni ya asili. Akalala. Katikati ya shughuli akahisi kitu cha moto kimedondoka ndani kabisa, akashtuka na kuinua kichwa. Aliambiwa atulie, kwamba hilo ni joto linaloyeyusha uchafu. Alivumilia hadi mwisho.

Alikuja kwetu siku ya tatu. Sikio halikuwa zito tena, lilikuwa limeziba kabisa, na lilimuuma usiku kucha. Lakini alichotangulia kuniambia si maumivu. Alifungua mkoba, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, na ndani yake kilikuwamo kile kipande cha mshumaa kilichobaki, kimepasuliwa kwa mkasi kama ganda la muhogo. Ndani yake mlikuwa na unga wa rangi kati ya njano na kahawia, na vipande vya kitu laini kinachonata.

"Daktari, sitaki uwalaumu," alisema. "Uchafu ulitoka, nimeuona kwa macho yangu. Huu hapa. Labda umebaki kidogo tu."

Waheshimiwa, nawaomba mkiweke akilini kipande kile. Biashara yote hii imesimama juu yake. Mtu hawezi kuona ndani ya sikio lake mwenyewe, kwa hiyo akionyeshwa kitu cha kahawia kinachonata, mara tu baada ya kufanyiwa usafi, ataamini kimetoka mwilini mwake. Hata mimi, nisingekuwa na kifaa cha kuchungulia sikio, ningeamini.

Nilichungulia. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na mwisho wake ndipo kilipo kiwambo cha sikio, ngozi nyembamba iliyokaza kama ya ngoma. Kiwambo chenye afya kina rangi ya kijivu cha lulu, na ukikimulika kinarudisha mwanga katika pembe moja ya chini. Cha mama huyu sikukiona. Mahali pake palikuwa na bamba jeupe lenye njano kidogo, linang'aa, limeganda kwa umbo la matone yaliyorundikana. Nta ya sikio haionekani hivyo hata siku moja. Nta ya sikio kwa kawaida ina rangi ya asali, ya kahawia au nyeusi, na ina chembechembe za ngozi na vinyweleo. Kile kilikuwa nta ya mshumaa. Ngozi ya mfereji karibu nacho ilikuwa nyekundu, imevimba, na sehemu moja ilikuwa na lengelenge.

Nikachukua kile chuma kinachotetemeshwa kupimia usikivu, nikakiweka katikati ya paji la uso wake. Alisema mlio unaelemea kulia, kwenye sikio bovu. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo mishipa ya kusikia ni mizima ila njia ya sauti imezibwa na kitu. Hilo lilinipa nafuu kidogo, nami nikamweleza.

Kuitoa ile nta ndiyo kazi iliyonifanya niamue kuandika. Nta ya sikio ya kawaida tuna njia za kuishughulikia. Sehemu kubwa yake ni seli za ngozi iliyokufa zilizochanganyika na mafuta ya tezi za sikio, kwa hiyo matone ya mafuta au ya maji yenye magadi hulainisha, na baada ya siku chache huweza kuoshwa kwa maji yenye joto la mwili. Nta ya mshumaa haifuati njia hiyo. Hainywi maji wala hailainiki kwa matone hayo. Kuiyeyusha tena kungehitaji joto lile lile lililomchoma. Na kumwagia maji kwa bomba sikuweza, kwa kuwa sikujua kama kiwambo nyuma ya lile bamba ni kizima au kimetoboka, na maji yakipita kwenye kiwambo kilichotoboka huingiza vijidudu katika sikio la kati. Ikabaki njia moja: kumlaza chini ya hadubini na kubandua kipande kwa kipande kwa kulabu ndogo, huku nikifyonza kwa mrija mwembamba.

Ilichukua dakika 40, kwa awamu mbili, kwa kuwa awamu ya kwanza alishindwa kuvumilia. Sehemu iliyokuwa mferejini ilitoka vizuri. Sehemu iliyogandia kiwambo ilitoka na utando wa juu wa ngozi. Chini yake kiwambo kilikuwa chekundu, na upande wa chini palikuwa na tundu kama la milimita mbili. Sikuweza kujua kama tundu lile lilitokana na tone la moto au na mimi kubandua kilichogandia, na nilimwambia hivyo hivyo. Kwake lilikuwa tundu, na lisingekuwapo bila mshumaa.

Kisha nikaona kitu ambacho nilimwita aje atazame mwenyewe kwenye kioo cha hadubini. Chini ya nta ya mshumaa, kwenye sakafu ya mfereji, ilikuwapo nta yake ya sikio. Ile ya wiki mbili zilizopita, ya kahawia, imekaa mahali pake. Haikuwa imesogea. Nta ya mshumaa ilikuwa imemwagikia juu yake na kuifunika.

"Sasa ule wa kwenye mfuko ni nini?" aliniuliza.

Sikutaka kumjibu kwa maneno. Siku aliporudi kuangaliwa nilikuwa nimenunua mishumaa miwili ya aina ile ile. Nilichukua glasi tupu, safi, kavu, nikaifunika kwa karatasi nzito yenye tundu, nikasimamisha mshumaa kwenye tundu hilo ncha nyembamba ikiwa ndani, nikauwasha. Tuliutazama ukiungua. Baada ya dakika kadhaa moshi mweupe mzito ulianza kushuka, narudia, kushuka, kupitia ndani ya bomba na kumwagika ndani ya glasi kama maziwa. Likafuata tone, kisha tone jingine. Ulipobaki urefu ule ule niliuzima, nikaupasua kwa mkasi. Ndani yake mlikuwa na unga wa kahawia na njano, na vipande laini vinavyonata. Tukaviweka sambamba na vya kwenye mfuko wake. Hapakuwa na tofauti. Na glasi haina masikio.

Unga ule unapatikana hivi. Moto wa mshumaa wenye uwazi katikati hauunguzi nta yote. Sehemu ya nta hugeuka mvuke bila kuungua, mvuke huo huingia kwenye uwazi wa ndani, ukifika chini ambako bomba bado ni la baridi hupoa na kuganda ukutani, ukichanganyika na masizi na majivu ya kitambaa. Nta iliyoyeyuka nayo huteremka ndani na kuganda juu yake. Ukichoma mshumaa ule sikioni, kwenye glasi, au ukiwa umeushika mkononi, unga utakuwapo, kwa sababu umetengenezwa na mshumaa wenyewe.

Nafahamu mtaambiwa kwamba joto hupanda, na likipanda huvuta kilicho chini. Maelezo hayo yanaingia akilini, na ndiyo yanayowashawishi hata watu waliosoma. Ni kweli kwamba bomba la moshi la jiko huvuta. Lakini linavuta kwa kuwa chini limeachwa wazi, hewa ya chumba inaingia kuchukua nafasi ya ile iliyopanda. Ziba sehemu ya chini ya jiko na mvuto unakwisha. Sasa mshumaa wa sikio umechomekwa kwenye tundu ambalo mwisho wake ni kiwambo, yaani ukuta. Hakuna hewa inayoweza kuingia kutoka chini, basi hakuna mkondo wa kupanda. Na ncha isipokaza vizuri kwenye tundu, kinachovutwa ni hewa ya chumba pembeni mwa sikio, si nta.

Tuseme hata mvuto ungekuwapo. Sisi tunafyonza nta kwa mashine ya umeme, na hata mashine hiyo hainyanyui kitu mpaka ncha ya mrija iguse nta yenyewe. Umbali wa milimita chache tu, haitoki. Nta inanata kwenye ngozi na vinyweleo. Mvuto wa kuing'oa kutoka mwisho wa pili wa mfereji ungelazimika kuwa mkubwa kiasi kwamba kiwambo, ambacho unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kingepasuka kabla ya nta kusogea. Ningependa wauzaji waulizwe swali hili moja wanapoomba kibali: kama mshumaa unavuta kwenda juu, kwa nini mnawaambia wateja kwamba moshi unaingia sikioni kuwatibu?

Hayo si maoni yangu peke yangu. Mwaka 1996 madaktari wa masikio nchini Marekani walichapisha uchunguzi katika jarida la Laryngoscope. Walitengeneza mfano wa mfereji wa sikio, wakaweka kipimo cha msukumo wa hewa, wakawasha mishumaa. Kipimo hakikuonyesha mvuto wowote. Wakajaribu pia kwenye masikio nane ya watu, wakitazama kabla na baada. Hakuna nta iliyotoka, na baadhi ya masikio yalikutwa na nta ya mshumaa ambayo haikuwamo mwanzoni. Kisha wakawauliza madaktari 122 wa masikio, pua na koo kuhusu wagonjwa waliowahi kuwaona. Yakapatikana majeraha 21: kuungua 13, mifereji iliyozibwa na nta ya mshumaa 7, na kiwambo kilichotoboka 1. Masikio nane ni machache, nakubali. Lakini kipimo cha mvuto hakihitaji masikio mengi. Kitu ambacho hakivuti hakitaanza kuvuta kikiwa kimewashwa mara elfu.

Kuhusu kuungua, naomba mwelewe sehemu tunayoizungumzia. Theluthi ya nje ya mfereji ina gegedu, nyama, vinyweleo na tezi. Ndipo nta ya sikio inapotengenezwa. Theluthi mbili za ndani ni mfupa, na ngozi yake imelalia mfupa moja kwa moja, haina mafuta wala nyama chini yake. Ni nyembamba mno, hata pamba ya kijiti huichubua. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, na inayotiririka karibu na moto huwa na joto zaidi ya hapo. Maji ya nyuzi 60 yanatosha kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde tano hivi. Maji angalau hutiririka yakaondoka. Nta hubaki pale ilipodondokea, ikiganda huku ikiendelea kutoa joto lake kwenye ngozi, na mgonjwa hawezi kuifikia kwa kidole.

Dalili za kwanza ni maumivu makali ya ghafla ndani ya sikio mshumaa ukiwa bado unawaka. Yule mama aliyapata, akaambiwa ni uchafu unayeyuka. Kauli hiyo imewagharimu watu wengi niliowaona, kwa sababu inamfanya mtu abaki amelala wakati mwili wake unamwambia ainuke. Saa au siku zinazofuata sikio huziba ghafla, au hutoa majimaji, au huwa na mlio usiokoma, au mtu hupata kizunguzungu. Akitokwa na damu au akisikia hewa ikipita sikioni anapopenga kamasi, huenda kiwambo kimetoboka. Mtu wa namna hii asitie matone wala maji, apelekwe akachunguliwe.

Kwa watoto hali ni mbaya zaidi. Mfereji wao ni mfupi na mwembamba zaidi, hawatulii, na hawajui kueleza. Kuwatoa nta iliyoganda kwenye kiwambo huweza kutulazimu kuwalaza kwa dawa ya usingizi. Mwaka 2012 jarida la madaktari la New Zealand lilieleza habari za msichana wa miaka minne aliyekutwa na mabaka meupe kwenye kiwambo baada ya kuwashiwa mshumaa. Bado vipo vifurushi vinavyouzwa vikiwa na picha ya mtoto aliyelala huku anatabasamu.

Wauzaji watawaonyesha vikinga. Cha kwanza ni sahani ya karatasi yenye tundu, inayovishwa bomba ili nta inayotiririka nje isimdondokee mteja usoni. Inasaidia uso, nywele na shuka. Haisaidii sikio, kwa kuwa nta inayoziba mfereji haipiti nje ya bomba, inapita ndani. Cha pili ni kichujio kinachowekwa karibu na ncha ya chini. Hapa naomba mfikiri pamoja nami. Kama kichujio kinazuia kila kitu kushuka, kimeziba njia ile ile ambayo wanadai uchafu unapandia. Na kama kimeacha njia ya kupandia, kimeacha njia ya nta kushukia. Hakiwezi kufanya yote mawili.

Watawaonyesha pia wateja walioridhika. Sitawaita waongo. Mtu akilala ubavu dakika 15 kwenye chumba tulivu, akisikia mlio mdogo wa moto karibu na sikio, joto likimgusa shavu, anaamka amepumzika. Na nta ya sikio ina tabia ya kujisogeza yenyewe, kwa sababu ngozi ya mfereji hukua kuelekea nje polepole, kwa kasi inayokaribia ya ukucha. Uzito wa sikio huja na kuondoka bila mtu kufanya lolote. Ukipungua siku ya pili baada ya mshumaa, mshumaa ndio unaosifiwa. Lakini mkiona madai kwamba mshumaa unatoa uchafu wa kwenye pua, unapunguza mafua au unasafisha kichwa, kumbukeni kiwambo. Kizima hakina tundu. Kati ya mfereji wa sikio na pua hakuna njia ambayo kitu kingeweza kuvutiwa.

Jambo jingine dogo, ila linaniudhi. Vifurushi vingi huuzwa kwa jina la Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, ili ionekane ni hekima ya kale. Wahopi wenyewe wamekanusha hadharani kwamba hiyo ni desturi yao na wameomba jina lao liondolewe. Anayekagua lebo aanzie hapo, atajua ni watu wa namna gani anaoshughulika nao.

Sasa ombi langu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaandikia watengenezaji barua za onyo mwaka 2010 na kuwatahadharisha wananchi, ikisema haina ushahidi wa kisayansi kwamba mishumaa hii ni salama au inafanya kazi kwa matumizi yoyote ya kitabibu. Kanada haijatoa kibali kwa mshumaa wa sikio hata mmoja, na kuuuza kama tiba ni kinyume cha sheria. Hata hivyo bidhaa haijatoweka, kwa sababu wauzaji wamepata kichochoro: kwenye lebo wanaandika kwa herufi ndogo "kwa burudani tu", kisha mhudumu anamweleza mteja kwa mdomo yale ambayo lebo imeyaacha.

Kwa hiyo msiangalie lebo peke yake. Angalieni kifaa kinaingizwa wapi. Bomba lenye ncha iliyopimwa kuingia tundu la sikio, linalowashwa moto, haliwezi kuwa pambo la mezani hata likiandikwa vipi. Litambueni kama kifaa cha tiba, na mwenye kuliuza alete ushahidi wake kama wanavyoleta wanaouza sindano na mirija. Hatakuwa nao. Hapo mnacho kisheria cha kumzuia.

Mkaguzi anapoingia saluni au kituo cha tiba mbadala, aulize kama kuna huduma ya mshumaa wa sikio, na leseni itamke wazi kwamba huduma hiyo hairuhusiwi. Wahudumu wengi hawana nia mbaya. Wamelipia mafunzo ya siku chache, wamepewa cheti, na wamefundishwa kumpasulia mteja kile kipande na kumwonyesha unga wakiamini wanasema kweli. Ndiyo sababu nataka mafunzo hayo nayo yaguswe, maana ukimwadhibu mhudumu mmoja na kuiacha shule inayotoa vyeti, mwezi ujao watakuja wengine ishirini.

La mwisho ni daftari. Kwa sasa majeraha haya hayaandikwi popote pa maana. Mgonjwa akija tunaandika "kitu kigeni sikioni" au "kiwambo kimetoboka", basi. Mwenye kutazama takwimu hawezi kujua kama kitu hicho kigeni kilikuwa punje ya maharage au nta ya mshumaa. Fomu ya kuripoti madhara ya vifaa vya tiba iongezwe mstari mmoja wa mshumaa wa sikio, na kliniki zote za masikio zitakiwe kuujaza. Msitegemee wagonjwa walalamike wenyewe. Yule mama hakuja kulalamika. Alikuja na mfuko wake, akiwatetea waliomchoma.

Mkitaka kuwapa wananchi mbadala, upo na hauna moto. Sikio lisilouma, lisilo na usaha wala historia ya kutoboka, huwekwa matone machache ya kulainisha kwa siku tatu hadi tano, na mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, mtu aliyefunzwa huiosha kwa maji ya joto la mwili, au huifyonza, au huitoa kwa kijiko maalumu huku akiona anachokifanya. Na sikio lisilosumbua liachwe lilivyo, nta yake inalinda ngozi.

Tundu la mama yule lilijifunga baada ya wiki nane, na usikivu wake ukarudi. Nta yake ya sikio niliitoa siku ile ile, baada ya kumaliza ya mshumaa. Ilichukua chini ya dakika moja.

Mkiona bado kuna shaka, niiteni nije nilifanye jaribio lile mbele yenu. Mshumaa wa pili bado ninao. Nitahitaji glasi, mkasi, karatasi nzito yenye tundu, na dakika 15 za muda wenu, na kipande kitakachobaki nitakipasua mbele ya yeyote mtakayemwalika, wauzaji wakiwamo.

Wenu katika utumishi,
Mtabibu wa masikio